Mita Tano za Mkanda

Mkurugenzi wa jumba la sanaa alimkuta fundi akisukuma mashine ya pili mpaka ukuta wa mbali, mkanda mweusi ukiwa umetandazwa nyuma yake kama kamba ya kuanikia nguo.

"Ndiyo inakwenda jalalani hiyo?"

"Naitafutia nafasi, bosi."

Mkurugenzi hakujisumbua kutazama. Alizidharau mashine hizo kama alivyomdharau fundi, aliyeshinda wiki nzima akioka mikanda kwenye kabati la joto, eti gundi imelainika kwa uzee, inaacha unga kwenye vichwa vya mashine vya kusomea mkanda. Kuoka mikanda! Mtu mzima na akili zake.

Kazi yenyewe ya sanaa aliisoma kwenye kibao cha ukutani. Unasimama mbele ya kamera. Mashine ya kwanza inakurekodi. Mkanda unavuka chumba, sentimita kumi na tisa kila sekunde, mpaka mashine ya pili, inayokuonyesha kwenye TV ya kichogo, sauti na sura. Unajiona umechelewa sekunde nane. Umbali ndio saa. Upuuzi mtupu! Kisanduku cha dijitali kingefanya yaleyale, na chumba kikabaki cha hafla. Lakini mkataba ulimfunga mikono: bila saini ya msanii, hakiguswi kitu. Na bodi ilishamwambia kwamba asipokiachia chumba leo, aachie kiti.

Kengele ya lifti ililia. Fundi aliinama kidogo kwenye mashine ya kwanza, akainuka.

"Bosi, simama hapo kwenye alama, pana mwanga. Hivi ulisema msanii tumwambieje?"

"Wewe ni kiziwi? Mwambie mashine zimekufa. Kikongwe yule hajui hata leo ni siku gani. Akishaweka saini, makorokoro yake yote jalalani."

Mlango ulifunguliwa. Mkurugenzi alibadilika uso palepale, akamwendea msanii mikono miwili mbele.

"Shikamoo, mama yetu!"

"Marahaba, mwanangu. Mashine zangu hazijambo?"

"Zimekufa, mama. Tumehangaika nazo mpaka basi. Fundi huyu nusura alie."

"Poleni sana."

Mkurugenzi alimpa karatasi na kalamu, akamsogezea kiti kwa adabu zote. Bibi aliinama juu ya meza, akasita. Pembeni ya kiwiko chake mkanda ulikuwa unapita, taratibu, bila haraka na mtu. Aliufuata kwa macho, kutoka ukuta huu mpaka ule, midomo ikihesabu.

"Mita tano," alisema, akirudisha kifuniko cha kalamu. "Sekunde ishirini na sita. Kaa, mwanangu. Bado uko njiani."

Mkurugenzi alicheka, asijue anachekea nini. Kisha TV ya kichogo ikawaka uso wake mwenyewe, mkubwa, wa kijivujivu, ukimkodolea macho.

"Wewe ni kiziwi?" ukamuuliza.